Kimevunjika au Kimevunjwa?

"Asha amevunja kikombe." Kitenzi hiki ni elekezi: kinadai kitu cha kutendwa. "Lala" hakidai chochote, kwa hiyo si elekezi. "Pa" kinadai viwili, anayepewa na kinachotolewa: "Asha amempa mtoto maziwa."

Utamu uko kwa vinavyoyumba. Kwa Kiingereza, Asha akivunja kikombe au kikombe kikivunjika, kitenzi ni kilekile. Kiswahili hubadili umbo, tena kwa njia mbili. "Vunja" na "fungua" huanza na mtendaji, kisha "vunjika" na "funguka" humwondoa. "Sogea" huanza bila msukumaji. "Sogeza" ndiyo humleta.

Je, "kimevunjika" ni sawa na "kimevunjwa"? Ongeza "na Asha" uone. "Kimevunjwa na Asha" hupita, "kimevunjika na Asha" hugoma. Kauli ya kutendwa humficha mtendaji, lakini bado yupo. Ya kutendeka humfuta kabisa. Mtoto aliyeangusha kikombe huchagua "kimevunjika", na sarufi iko upande wake.

Hata hivyo, kauli hiyo ina kazi nyingine: "Mlango haufunguki" huweza kumaanisha kwamba watu wamejaribu kuufungua, wakashindwa.