Kuusoma mwaka wa Dar es Salaam katika grafu moja

Grafu ya tabianchi ya Dar es Salaam ina herufi kumi na mbili chini yake, kuanzia J ya Januari hadi D ya Desemba. Juu ya kila herufi umesimama upau wa buluu unaoonyesha mvua ya mwezi huo, na mstari mwekundu wa joto umekatiza kutoka kushoto kwenda kulia. Mchoro una vipimo viwili: milimita za mvua upande mmoja, nyuzi za Selsiasi upande wa pili. Kwa hiyo, kabla ya kusoma namba yoyote, angalia kwanza upande upi ni wa nini. Milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba.

Anza na pau, na utazame umbo lake kabla ya namba. Kwa wastani wa miaka 1971 hadi 2000, Machi ilipata milimita 138 hivi, Aprili 254 na Mei 198. Hiyo ndiyo masika. Juni pau zinaporomoka hadi 43, kisha Julai, Agosti na Septemba hakuna mwezi unaofika 30. Oktoba zinaanza kunyanyuka tena, Novemba zinapita 120, na Desemba bado ziko karibu na hapo: vuli imeingia. Mwaka una vilima viwili, kwa sababu ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua. Huvuka pwani hii ukishuka kusini mwishoni mwa mwaka, na huivuka tena ukirudi kaskazini kati ya Machi na Mei.

Sasa fuata mstari. Januari na Februari, kaskazi inapovuma, wastani wa joto unakaribia nyuzi 28. Julai, wakati wa kipupwe, unashuka hadi 24 hivi. Tofauti ni nyuzi nne tu, dalili kwamba mji uko karibu na ikweta. Na kwa kuwa mstari unagusa chini katikati ya mwaka, tunajua mji uko kusini ya ikweta. Grafu ya Cairo ingeonyesha kinyume chake: Julai ingekuwa kileleni.

Lakini faida kubwa inakuja pau na mstari vinaposomwa pamoja. Wanajiografia wengi hutumia kanuni hii: mwezi huhesabiwa kuwa mkavu ikiwa milimita zake za mvua hazifiki mara mbili ya nyuzi zake za joto. Julai ina nyuzi 24, basi ilihitaji milimita 48. Imepata 26 tu, kwa hiyo ni kavu. Januari ilihitaji 56 na imepata 76, kwa hiyo imevuka. Februari ndiyo yenye mtego. Imepata milimita 55, zaidi ya Juni, lakini joto lake linadai 56. Maji yale yale hukauka upesi zaidi kukiwa na joto kali, ndiyo maana mmea wa Februari unaweza kunyauka ingawa upau wake si mfupi sana.

Kanuni hii huonekana kwa macho pale tu mchoraji alipolinganisha milimita 20 na nyuzi 10. Wengi hawafanyi hivyo. Kipimo cha mvua kikivutwa, hata mwezi mkavu utaonekana una upau mrefu, kwa hiyo usiridhike na macho, piga hesabu.

Weka kando yake grafu ya Dodoma, ambayo iko karibu latitudo ile ile. Huko kuna kilima kimoja tu, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, na pau za Juni hadi Septemba karibu hazionekani. Mkulima wa Dodoma akikosa mvua za msimu huo, hana vuli wala masika ya kungojea mwaka ule ule.

Hata hivyo, kila upau ni wastani. Tuseme Oktoba ya miaka mitatu ilipata milimita 10, 20 na 180. Wastani ni 70, kiasi ambacho hakikunyesha hata mwaka mmoja kati ya hiyo. Mvua za vuli hubadilika hivi zaidi kuliko za masika, hasa miaka ya El Nino kama 1997. Tena upau hausemi kama mvua ya mwezi ilinyesha siku mbili au ishirini, wala ilianza tarehe ngapi. Grafu itakusaidia kuchagua zao linaloendana na msimu. Siku ya kupanda itafute katika utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.