Moyo Unapokwenda Mbio Sokoni

"Nesi, nilidhani nakufa," alisema mama muuza nyanya. Siku ya marejesho ya kikoba, moyo ulimwenda mbio, kifua kikabana, vidole na midomo vikafa ganzi. Baada ya nusu saa hali ikatulia.

Muuguzi hakumwambia ni mawazo tu, na alifanya vyema, kwa sababu dalili zile ni za kweli. Hofu humwaga homoni ya adrenalini, moyo ukaongeza kasi na pumzi zikawa za harakaharaka. Ukihema hivyo unatoa hewa ukaa nyingi kupita kiasi, na upungufu wake ndio unaoleta ganzi na kizunguzungu. Kwa hiyo akawafundisha kuvuta pumzi puani taratibu kwa hesabu ya nne, kisha kuitoa kwa hesabu ya sita, kwa dakika chache.

"Nitajuaje si moyo, mwanangu?" bibi mmoja akauliza.

Hapo muuguzi hakulegeza neno. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, yanayokuja ukibeba tenga, au yenye jasho jingi na kuzimia, ni ya hospitali saa hiyohiyo. Hata shambulio la kwanza la aina hii lipimwe, maana upungufu wa damu, tezi ya shingo na sukari iliyoshuka huleta dalili zinazofanana.

Na kama wasiwasi umekunyima usingizi au kukufungia biashara kwa wiki mbili, nenda zahanati. Unatibika kwa ushauri nasaha, na dawa ikibidi.