Mzigo Uko Stoo, Deni Bado

Tuchukulie duka la vipuri la Kariakoo limeletewa beringi 100 kwa mali kauli, kila moja shilingi 20,000. Mkataba unasema beringi hizo ni za msambazaji mpaka duka lizitoe kwenye fungu lake. Je, siku ya kupokea duka linadaiwa shilingi milioni 2? Hapana, na mfumo wa ERP, yaani programu inayounganisha stoo, mauzo na uhasibu, unapaswa kulijua hilo.

Kwenye SAP, mzigo wa namna hii hupokelewa kwa hatua ya 101 yenye alama K. Idadi ya stoo inapanda kwa 100, lakini vitabu vya fedha havibadiliki hata shilingi moja.

Wiki inayofuata duka linahitaji beringi 30 za kuuza. Mtunza stoo anazihamisha kwa hatua ya 411 K kutoka fungu la msambazaji kwenda fungu la duka. Hapo ndipo deni linapozaliwa: mali ya duka inaongezeka shilingi 600,000, na deni kwa msambazaji linaongezeka kiasi hicho hicho. Kwa kawaida msambazaji haleti ankara. Mhasibu hufanya hesabu ya beringi zilizochukuliwa kwa kutumia MRKO, kisha malipo yanafuata. Zile 70 zilizobaki rafuni bado ziko kwenye vitabu vya msambazaji.

Karani akisahau ile K, duka litajionyesha lina mali na deni la milioni 2. Ili kugundua kosa, hesabu beringi rafuni, kisha linganisha na orodha ya MB54 na taarifa ya msambazaji. Hesabu hizo tatu zikitofautiana, anza na hati za kupokelea.

Biashara ya mzigo kwenda moja kwa moja kwa mteja ina mtego mwingine. Duka linauza, msambazaji anapeleka, na stoo ya duka haiguswi kabisa. Odoo huuita mwendo huo `Dropship`. Umiliki unahama lini, hilo huamuliwa na mkataba. Hatari ni kwamba, kwa kuwa hakuna kinachopita mlangoni, mhasibu hungoja ankara. Mzigo uliomfikia mteja Juni 30, ankara yake ikija Julai 5, gharama inaangukia Julai huku mauzo yakiwa ya Juni. Faida ya Juni inavimba bila sababu. Dawa yake ni kuingiza uthibitisho wa mteja kupokea mzigo siku ile ile, ili deni la ankara inayosubiriwa liandikwe ndani ya Juni.

Kwa hiyo, kabla ya oda ya kwanza, mwenye duka na mhasibu wake wasome pamoja kifungu cha umiliki kwenye mkataba, kisha wauweke mfumo ufuate kifungu hicho.