Kolajeni ya Kwenye Kopo Huishia Juu ya Ngozi

Mwanamke anapaka krimu ya kolajeni usiku. Asubuhi anajitazama kwenye kioo na kuona mikunjo ya pembeni mwa macho imefifia, akaamini kolajeni imeingia na kujaza mashimo. Akiacha kuipaka siku mbili tatu, mikunjo inarudi. Kolajeni iliyojengwa ndani ya ngozi haipotei upesi hivyo. Kilichokuja na kuondoka ni maji.

Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa, zilizopangana kama vigae na kugandishwa kwa mafuta. Kolajeni inayoizuia ngozi isilegee hutengenezwa chini kabisa ya tabaka hilo, na seli zilizo hai. Mwaka 2000 wataalamu wa ngozi wa Uholanzi, Bos na Meinardi, walieleza kwamba molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupenya tabaka hilo kwa shida sana. Molekuli ya kolajeni ina uzito wa daltoni 300,000 hivi. Hata ikikatwakatwa, kwa kawaida vipande vyake hubaki na uzito wa maelfu. Kwa hiyo hukaa juu, vikatanda na kushika maji, na ngozi ikiwa na maji huonekana nyororo.

Ute wa konokono hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Una protini zenye sukari na asidi ya hayaluroniki, vyote vikubwa na vyenye kushika maji. Una pia alantoini, molekuli ndogo ya daltoni 158, ambayo hulainisha na kutuliza ngozi. Paka uso ukiwa bado na unyevu, kisha funika kwa krimu ya mafuta ili maji yasikauke.

Sentela ina habari tofauti kidogo. Mmea huu unaotambaa penye majimaji hutumika tangu zamani Madagaska kutibu vidonda, na ndiko ilikotokea dawa ya Madekasoli. Asidi yake ya asiatiki ina daltoni 489, imepita chini ya mpaka kwa nywele tu. Lakini asiatikosidi, ambayo ni asidi hiyohiyo iliyobeba sukari, inafika 959. Maabarani viini hivi huzichochea seli kutengeneza kolajeni. Katika krimu ya dukani huenda kiasi chake kikawa kidogo mno, na mara nyingi kopo halikitaji. Tarajia ipunguze wekundu na muwasho, usitarajie ifute makunyanzi.

Kabla ya kupaka yoyote usoni, ijaribu upande wa ndani wa mkono kwa siku kadhaa. Ikiwasha au ikitoa vipele, iache.

Anayetaka kuitunza kolajeni yake aanze na jua, maana miale yake ndiyo huivunja. Apake krimu ya kukinga jua kila asubuhi. Akitaka ngozi itengeneze kolajeni mpya, amwulize daktari kuhusu tretinoini, ambayo mjamzito hapaswi kuitumia. Krimu ya kolajeni inunuliwe kwa bei ya kilainisha ngozi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake.