Sifuri Mbili za Malipo ya Simu

Abiria anayekata tiketi ya basi la Mombasa kwenda Nairobi kupitia tovuti huandika namba yake, akabonyeza "Lipa", na punde simu yake ikamdai PIN ya M-Pesa. Kwake hilo ni tendo moja. Kwa msanidi programu aliyeunganisha tovuti hiyo na Daraja, API ya Safaricom, kuna majibu mawili yanayokuja kwa nyakati tofauti, na kosa la gharama kubwa ni kuyachanganya.

Kwanza seva ya kampuni ya basi hutuma ombi la STK Push. Ndani yake mna nauli, tuseme shilingi 1,500, namba ya abiria, na `CallBackURL`, anwani ambayo matokeo yatapelekwa. Daraja hujibu papo hapo kwa `ResponseCode` 0 na kitambulisho kiitwacho `CheckoutRequestID`. Sifuri hiyo inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Abiria hajagusa PIN bado, na tovuti inayotoa tiketi hapo inagawa viti bure.

Jibu lenye uzito huja baadaye, abiria akishalipa, akighairi, au muda ukimpita. Safari hii Safaricom ndiyo inayoitafuta seva ya basi na kuiachia ujumbe kwenye `CallBackURL`. Hiyo ndiyo webhuku. Ndani yake, `ResultCode` 0 ni malipo yaliyokamilika, yakiambatana na namba ya risiti. 1032 ni abiria aliyeghairi. 1 ni salio lisilotosha.

Ujumbe huo huo waweza kuja mara mbili, kwa hiyo tiketi hubadilishwa hali kwa sharti:

```sql
UPDATE tiketi SET hali='imelipwa', risiti=:risiti
WHERE checkout_id=:id AND hali='inasubiri';
```

Ukija tena, haukuti tiketi inayosubiri, na hakuna kinachobadilika. Seva ikishahifadhi ujumbe, ijibu upesi kwamba imeupata. Kazi ya kutuma tiketi kwa abiria ifuate baadaye.

Lakini anwani iliyo wazi kwenye mtandao yaweza kupelekewa ujumbe na tapeli pia. Kwa hiyo kabla ya kuendesha amri hiyo, msanidi makini hulinganisha kitambulisho na kiasi na rekodi zake mwenyewe, kisha huiuliza Daraja kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query` ombi hilo liliishia wapi.

Swali hilo hilo ndilo huokoa pale webhuku isipofika kabisa, labda kwa sababu seva ilizimika kwa muda mfupi. Abiria amekatwa pesa, tovuti bado inasema "inasubiri", naye anataka kubonyeza tena. Kitufe hicho kifungwe hadi Daraja itoe jibu la ombi la kwanza; kikiachwa wazi, atalipa 3,000 kwa kiti kimoja.