Tuonyesheni Meza ya Kufungia Mikate

Siku hizi bekari karibu kila moja ya Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar ina simu jikoni. Wateja wanaamka na kukuta Status mpya: unga unazunguka kwenye mashine, donge limeumuka hadi linataka kumwagika, mlango wa oveni unafunguliwa na mikate inatoka ikiwa na rangi ya dhahabu. Video hizo hutia hamu na huuza mikate. Lakini mzazi anayetaka kujua kama mkate ule ni salama kwa mtoto wake hajibiwi nazo, kwa sababu zinaonyesha sehemu ya kazi ambayo moto wenyewe huja kuisafisha.

Mkate ulioiva sawasawa, ukiuchoma kipimajoto katikati wakati unatoka ovenini, husoma nyuzijoto 93 hadi 98 hivi za Selsiasi. Katika joto hilo hamira hufa, kuvu hufa, na vijidudu vingi vinavyosumbua matumbo hufa. Vinavyoweza kupona ni mbegu ngumu za bakteria fulani waliokuja na unga, wale ambao mkate ukikaa siku mbili kwenye joto huufanya unuke kama tunda lililoiva kupita kiasi na kuvutika nyuzinyuzi ukiumega. Ukiacha hao, mkate unapotoka ovenini ni chakula safi mno.

Hatari huanza hapo. Mkate unatolewa kwenye kopo lake, unapangwa kupoa, unakatwa silesi, unafungwa. Keki inapakwa krimu. Katika hatua hizo zote hakuna moto tena, kwa hiyo kitakachodondoka kwenye mkate kitakwenda nao hadi mezani kwa mteja. Kuvu ya kijani unayoikuta siku ya tatu mara nyingi haikutoka kwenye donge. Ilitoka kwenye hewa ya chumba, kwenye makombo yaliyoganda katikati ya visu vya mashine ya kukatia, au kwenye mikono ya mfungaji. Ikasaidiwa na haraka: mkate wa gramu 400 unahitaji takriban saa mbili kupoa, na ukifungwa ungali moto, mvuke wake unageuka maji ndani ya mfuko na kuvu inapata inachokitaka.

Krimu ndiyo yenye ubaya zaidi. Kuna bakteria aitwaye stafilokoki anayeishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wenye afya njema kabisa, na kwa wingi zaidi kwenye jipu au kidonda cha kidole. Mpambaji keki akijifuta pua kwa mkono kisha akashika mfuko wa krimu, anamhamisha bila kujua. Keki ikikaa saa kadhaa kwenye joto la mchana wa Pwani, bakteria huyo hutengeneza sumu, na sumu ikishatengenezwa haiondoki hata ukiichemsha. Aliyekula huanza kutapika ndani ya nusu saa hadi saa nane. Krimu yenyewe haibadiliki ladha wala harufu, hivyo mlaji hana namna ya kugundua kwa ulimi. Anachobaki nacho ni kumwamini mtu aliyeipaka, na ndiyo maana ana haki ya kumwona.

Basi nikiulizwa na mwenye bekari arekodi nini, jibu langu ni meza ya kufungia, na mtu anayesimama hapo. Haivutii kama oveni. Lakini ndiyo sehemu ambayo usafi wa mtu hauna mbadala.

Tuchukue mfano wa bekari ya watu sita, inayooka mikate usiku, kuikata alfajiri, na kutengeneza keki chache za krimu kwa wikendi. Dada anayekata na kufunga anaanza kazi saa kumi na moja. Video yake ya kwanza inarekodiwa mlangoni, kabla hajaingia. Anataja jina lake la kwanza na kazi yake: ndiye anayefunga mikate mnayokula asubuhi. Hapo uso uko wazi, na hapo ndipo pa kuuonyesha, maana akishaingia ndani kofia ya wavu itafunika nywele zote, na kama ana mafua hatakiwi kuwa kwenye meza hiyo kabisa. Wenye bekari wengi hukwama hapa: wanataka sura ionekane vizuri, basi wanamwambia mfanyakazi avue kofia akiwa juu ya mikate ili apendeze. Picha hiyo moja inabomoa kila walichokuwa wanajenga.

Kisha kamera inamfuata kwenye sinki. Anavua pete na saa na kuviweka kando. Analowesha mikono, anapaka sabuni, anasugua kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, kucha na vidole gumba, anasuuza, anajikausha kwa tishu ya kutupa. Shirika la Afya Duniani linaiweka kazi hiyo yote kuwa ya sekunde 40 hadi 60. Irekodiwe bila kukatwa, hata kama inachosha kutazama. Video ikirukishwa kutoka maji yanayotiririka hadi mikono mikavu, mtazamaji hajaona kunawa; ameona bomba.

Halafu mezani. Kopo la mikate lilishaondolewa, mikate iko kwenye rafu ya waya hewa ikipita chini na juu. Kabla ya kukata, anagusa kitako cha mkate kwa mgongo wa mkono ulionawa na kusema umepoa. Anawasha mashine, silesi zinatoka, anazisukuma mfukoni, anafunga, anabandika tarehe. Dakika moja inatosha. Anayerekodi ni mtu mwingine, asiyegusa chakula siku hiyo, au simu imesimamishwa kwenye stendi mbali na meza. Hili nalisisitiza kwa sababu simu ni kati ya vitu vichafu vinavyoingia jikoni: imeshikwa kwenye daladala, sokoni na chooni. Mfungaji anayejirekodi kwa mkono mmoja na kufunga mkate kwa mkono wa pili anajiharibia mbele ya kila mtu.

Glovu nazo zina kesi yake. Wateja wanazipenda, na mwenye bekari anajua hivyo. Lakini glovu haiziwezi kazi za mikono isiyonawa. Iliyogusa simu, mlango, noti ya elfu tano na kisha mkate imeshakuwa chafu kama mkono wowote, tena mvaaji hahisi ute wala unga unaomkumbusha kunawa. Ukiona kwenye video mtu mwenye glovu akijikuna shavu kisha akaendelea, una sababu ya kuwa na wasiwasi kuliko ukimwona mwenye mikono mitupu aliyenawa hivi punde. Jambo jingine la kuangalia ni kitambaa. Tambara moja likifuta meza, kisha kisu, kisha pembe ya sahani ya keki, linasambaza kilichokuwa mahali pamoja kwenda kila mahali.

Watazamaji huona mambo haya upesi kuliko mwenye jiko. Siku moja mteja ataandika: "Dada, huyo anayepaka krimu mbona ana pete?" Kishawishi ni kuifuta video au kumjibu kwa ukali. Jibu linalofaa linakubali na kueleza kilichofanyika: "Ni kweli, mama, asante kwa kutuambia. Tumeshaongea naye, na kuanzia leo pete zinaachwa kwenye kikopo kilicho mlangoni." Kesho yake kikopo hicho kionekane kwenye video, kikiwa na pete ndani. Mteja aliyejibiwa hivyo amejua kwamba macho yake yamebadilisha kitu jikoni.

Na kuna ushahidi kwamba kuonana kunafanya kazi pande zote mbili. Mwaka 2014 Ryan Buell, mwalimu wa Shule ya Biashara ya Harvard, alieleza majaribio aliyofanya na wenzake katika mkahawa, wakitumia video kuunganisha wapishi na walaji. Walaji walipowaona wapishi lakini wapishi wasiwaone wao, kuridhika na chakula hakukuongezeka. Wapishi walipowaona walaji, kulipanda kwa asilimia 10. Walipoonana wote wawili, kulipanda kwa asilimia 17.3. Hiyo ilikuwa video ya papo kwa papo na si ya kuposti, kwa hiyo tusiinyooshe kupita kiasi. Lakini mimi naona somo lake kwa bekari liko wazi: maoni ya wateja yasiishie kwenye simu ya bosi. Yule dada wa saa kumi na moja asomewe kwamba mama mmoja amemtaja kwa jina na kusema mikate yake haioti kuvu tena. Mtu anayejua anamfungia nani mkate hukaa sinkini hadi kunawa kuishe.

Video zina mpaka wake, na mwenye bekari mwaminifu haupiti. Kamera haioni bakteria, haijui krimu imekaa nje ya friji muda gani, wala haijui ubora wa maji ya tangi. Kwa hiyo kipimajoto cha friji kionyeshwe kikisoma nyuzijoto 5 au chini yake, na saa ya ukutani iingie kwenye picha. Kenya na Tanzania zote humtaka anayeshika chakula cha kuuza apimwe afya kila baada ya miezi sita; cheti kikionyeshwa, mteja anahitaji kuona tarehe tu. Namba ya kitambulisho izibwe. Majibu ya vipimo ni siri ya mfanyakazi, na hayapaswi kuingia kwenye posti yoyote.

Uso wenyewe pia ni mali ya mwenye uso. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Mwaka 2023 ofisi ya Kenya inayosimamia sheria hiyo iliipiga faini ya shilingi 1,850,000 klabu moja ya Nairobi kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Mfanyakazi hana haki ndogo kuliko mteja. Aombwe ridhaa kwa maandishi, aambiwe picha zitakwenda wapi, na akikataa abaki na kazi yake. Mikono ya mwenzake itaonyesha usafi uleule.

Siku akiacha kazi, Status itakuwa imeshapotea yenyewe baada ya saa 24, lakini za Instagram na Facebook hubaki. Ziondolewe wiki hiyohiyo, kwa sababu bekari inayoendelea kuuza kwa uso wa mtu aliyeondoka inawaambia wateja jambo lisilo la kweli kuhusu anayewafungia mkate. Halafu mfungaji mpya arekodiwe mlangoni, aseme jina lake, na afuatwe hadi kwenye sinki.