Kipele Chenye Kitovu

Dada yangu aliviona jioni moja akimwogesha binti yake wa miaka 4. Vilikuwa 7, chini ya kwapa la kulia, vya duara kama kuba ndogo za msikiti, rangi ileile ya ngozi ila vinang'aa kana kwamba vimepakwa nta. Kikubwa kati yao kilikuwa kama punje ya mtama. Mtoto hakuwa na homa wala hakulia vilipoguswa. Mama yetu, ambaye majipu ya watoto watano yamepita mikononi mwake, alisogeza taa, akakibinya kimoja kidogo, akatoa hukumu: "Hiki kina kiini. Lete sindano nikitoe kabla hakijazaa."

Kiini kweli kilikuwamo. Alivitoa viwili usiku ule, na ndani yake kukatoka kitu cheupe kizito, kama nta ya mshumaa iliyoanza kuganda. Mtoto alipiga kelele nyumba nzima ikasikia. Wiki chache baadaye, palipochomwa sindano pakawa pamepona vizuri, lakini pembeni yake vikajipanga vipele vipya 5 kwenye mstari ulionyooka, kana kwamba mtu amevipanda kwa kamba. Mstari huo ulikuwa mkwaruzo wa ukucha wa mtoto mwenyewe, aliyekuwa akijikuna kidonda.

Ugonjwa huu hauna jina la Kiswahili lililozoeleka. Zahanati nyingi utasikia tu "vipele vya virusi", na wenye kupenda majina marefu husema moluskamu kontajiosamu, jina ambalo daktari wa London, Tomasi Betman, aliupa mwaka 1817. Kwa Kilatini ni kama kusema kivimbe laini chenye kuambukiza. Mimi naviita vipele vya kitovu, kwa sababu juu kabisa ya kuba, katikati, pana kishimo, na hata madaktari wa Ulaya hukieleza kishimo hicho kwa neno la Kilatini linalotokana na kitovu.

Kishimo hicho ndicho kitambulisho. Ukitaka kukiona, usimulike kutoka juu. Weka tochi ya simu pembeni ili mwanga upite juu ya ngozi, kivuli kitaangukia shimoni. Vile vidogo vilivyotoka majuzi huenda bado havina, kwa hiyo tafuta kwenye vikubwa. Chunjua haina kitovu, tena ni ya kukwaruza ukiipitishia kidole. Upele wa kuambukizana huwasha hasa usiku, hupenda katikati ya vidole, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Tetekuwanga huja na homa, malengelenge yake yana maji, na ndani ya siku chache yamekwisha kupasuka na kukauka. Kipele cha kitovu hakina haraka hiyo. Kitakaa pale wiki hata miezi, kikavu na kimya.

Mmoja tu anafanana nacho kwa namna ya kutia hofu. Tangu mwaka 2024, homa ya nyani ilipoenea Kongo na Burundi na kuvuka mipaka, wazazi wengi wamejua kwamba vipele vyake navyo huweza kuwa na kishimo katikati. Si ajabu, maana virusi hivi viwili ni wa ukoo mmoja na ndui. Lakini mwenye homa ya nyani huumwa: mwili unachemka, tezi za shingoni au kinenani zinavimba, vipele vinauma, mara nyingi hufika usoni, viganjani na nyayoni, kisha hujaa usaha na kutengeneza magaga. Mtoto wa namna hiyo hakai nyumbani kusubiri. Anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye kiini cheupe, maana ndani yake ndimo ulimo ugonjwa wote. Kirusi huingia kupitia mchubuko mdogo usioonekana kwa macho. Kikishaingia hakishuki kwenye damu wala hakiendi kwenye ini au mapafu. Kinabaki kwenye tabaka la juu la ngozi, na ndiyo sababu hakuna homa. Seli kinazozikamata huongezeka na kuvimba, zikisukumana kupanda juu huku kila moja imejazwa virusi kama gunia. Zikifika juu katikati, zinapasuka na kubomoka, na pale zilipobomokea panabaki kitovu. Kwa hiyo ile nta aliyoitoa mama yetu kwa sindano ni akiba ya mbegu. Ukiibinya kwa kidole, umeishika mbegu mkononi. Ukimfuta mtoto kwa kanga ileile mwili mzima, umepanda shamba.

Kutoka siku ya kuguswa mpaka kipele kuonekana hupita kwa kawaida wiki 2 hadi 7, wakati mwingine miezi 6. Ndiyo maana ni vigumu kujua mtoto alikitoa wapi. Dada yangu alilaumu chekechea, kisha bwawa la kuogelea, kisha watoto wa jirani. Katika maswali ya tabibu, jambo lililojitokeza lilikuwa dodoki moja bafuni, linalotumiwa na watoto wote wawili, na taulo moja lililokuwa likizunguka. Hatutajua kwa hakika. Lakini ndivyo kirusi hiki husafiri: ngozi kwa ngozi, na vitu vinavyosugua ngozi yenye unyevu. Hakimpati paka wala kuku. Ni cha binadamu tu.

Tabibu alimvua mtoto nguo akamwangalia mwili mzima, hatua ambayo wengi huiruka. Aliuliza kama ana pumu ya ngozi, kama amekuwa akiugua mara kwa mara, kama uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki, kama kuna kipele kwenye ukingo wa jicho. Majibu yote yalipokuwa mazuri, akasema, "Mama, dawa ya hivi ni kutovigusa." Dada yangu alitoka amenuna. Ametumia nauli na nusu siku ya kazi, karudi na maneno matupu.

Namwelewa. Lakini tabibu alikuwa na hoja. Dawa zipo: kuna kukwangua kila kipele kwa kijiko kidogo chenye makali baada ya kupaka dawa ya ganzi, kuna kuchoma kwa baridi kali ya naitrojeni, na kuna dawa itokanayo na mdudu aina ya mbawakawa mwenye kutoa malengelenge, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2023. Zote huumiza au hutoa malengelenge, na ngozi nyeusi iliyochomwa kwa baridi huweza kubaki na doa jeupe kwa miezi mingi. Mapitio ya kitaalamu ya mwaka 2017 yalijumlisha majaribio 22 ya tiba mbalimbali na hayakupata hata moja yenye ushahidi wa kuaminika kwamba inashinda nyingine zote. Ukilinganisha na ugonjwa usiomwumiza mtoto na unaoondoka wenyewe, mara nyingi ndani ya miezi 6 hadi 12 na mara chache hadi miaka kadhaa, ni wazi kwa nini mganga mwenye busara huweka kijiko chini. Na kama zile za hospitali huumiza, ndimu, dawa ya meno na maziwa ya mnyaa ni balaa zaidi. Maziwa ya mnyaa huunguza ngozi, na tone likiruka jichoni ni hatari kubwa.

Kutovigusa, hata hivyo, hakukuwa kukaa tu. Kucha za mtoto zilikatwa kila wiki. Akapewa taulo lake, dodoki likatupwa, wakaacha kuoga wawili katika beseni moja. Mafuta ya kawaida yalipakwa ngozi isikauke na kuwasha, na mahali palipokuwa wazi pakafunikwa kwa fulana au plasta akienda shule. Shule hakukatazwa, na hakuna sababu ya kumkataza mtoto kwa vipele hivi.

Mwezi wa 8 vilifika 31. Halafu, katika wiki moja, karibu vyote vya kwapani vikawa vyekundu, vikavimba, vikawasha, na viwili vikaonekana kama vina usaha. Dada yangu alinipigia simu usiku akiwa ameshaandaa mfuko wa kwenda hospitali. Hapa ndipo wazazi wengi hudhani mambo yameharibika, na ndipo watoto wengi hupewa viuavijasumu wasivyohitaji. Kirusi hiki kina ujanja wa kuzima kengele za ngozi, na kwa miezi kinaishi pale juu bila askari wa mwili kukitambua. Wekundu ule ni askari waliofika. Madaktari wa ngozi huuita mwanzo wa mwisho.

Basi utatofautishaje na kidonda kilichoingiliwa na bakteria? Niliuliza maswali yaleyale ambayo tabibu angeuliza. Ana homa? Hana. Wekundu umezunguka kila kipele peke yake, au unatambaa na kuunganisha ngozi iliyo katikati? Kila kimoja peke yake. Ukipagusa analia? Anakunja uso, anarudi kwenye katuni. Pana magaga ya manjano yanayonata? Hapana. Jibu la upande wa pili kwa swali lolote kati ya hayo lingetosha kumtoa usiku ule. Walisubiri asubuhi, tabibu akathibitisha, na ndani ya wiki 3 vipele vikaanza kusinyaa. Mwezi wa 11 havikuwapo. Vimeacha madoa mepesi yanayofifia, na vishimo viwili vidogo, palepale mama yetu alipopitisha sindano.

Wapo watoto ambao neno "subiri" haliwafai. Kipele kwenye ukingo wa kope humwaga virusi jichoni, jicho likawa jekundu na kutoa machozi wiki baada ya wiki. Huyo aonwe na daktari wa macho. Mwenye pumu ya ngozi hujikuna na kuvisambaza kwa kasi, kwa hiyo pumu yenyewe itibiwe vizuri kwanza. Vikitokea sehemu za siri, mara nyingi mtoto amevipeleka mwenyewe kwa mkono kutoka mapajani, lakini ni lazima aangaliwe kwa utulivu na mtu anayejua kuuliza. Na vikiwa vikubwa kupita sentimita moja, vikajaa usoni kwa makumi, vikakataa kuondoka, swali linakuwa la kinga ya mwili, na kipimo cha VVU hakipaswi kuahirishwa kwa aibu. Mtoto akianza dawa na kinga ikapanda, vipele navyo kwa kawaida hupungua, ingawa mwanzoni huweza kuwaka kwanza.

Juzi kaka yake, wa miaka 6, ameamka na vitatu nyuma ya goti. Mama yetu alimulika kwa tochi ya simu, pembeni, kama alivyofundishwa. Akaona kitovu, akaguna, akaenda kununua taulo la pili.